Wali wa Jiko la Umeme: Bokoboko, Kiini Kigumu na Kiasi cha Maji cha Basmati, Mchele Mfupi na Mchele wa Kahawia

Hapa Tabora majiko ya umeme ya kupikia wali yameingia nyumba nyingi, na malalamiko ninayoyasikia ni yale yale. Wali wa jana ulichambuka vizuri, wa leo umekuwa bokoboko, na vipimo havikubadilika. Au mtu kaambiwa na daktari ale mchele wa kahawia, kaupika kama anavyopika siku zote, ukatoka na kiini kama wa kuloweka. Wengi hulilaumu jiko. Mara nyingi jiko ni zima, tatizo ni maji, na huwezi kulitatua kabla hujajua jiko linafanya nini na hayo maji.

Nazungumzia jiko la kawaida, lenye swichi moja ya kubonyeza chini na taa mbili, `COOK` na `WARM`. Haya yenye vioo na programu nyingi yana akili zake za ziada, ingawa sababu za msingi hazibadiliki.

Jiko linajuaje kwamba wali umeiva?

Halijui. Toa bakuli uangalie katikati ya sahani ya moto, utaona kitufe cha duara kinachobonyea kwa springi. Ndani yake mna sumaku, na kipande cha madini ambacho kikifika joto lililozidi kidogo nyuzi 100 hupoteza nguvu ya kuvutwa na sumaku. Maji yakiwa bado yamo kwenye bakuli, sehemu ya chini haiwezi kupanda sana kupita joto la kuchemka. Yakishaisha, mengine yakiwa yamenywewa na mchele na mengine yametoka na mvuke, joto la chini linapanda ghafla, sumaku inaachia, swichi inaruka na taa inahamia `WARM`.

Maana yake ni kwamba jiko linazima kwa sababu maji yameisha, iwe wali umeiva au haujaiva. Maji ndiyo saa ya jiko. Jiko la kwanza la aina hii kufanya vizuri sokoni, lililotolewa na Toshiba ya Japani mwaka 1955, lilitumia jambo hili waziwazi: lilikuwa na chungu ndani ya chungu, ukitia kikombe kimoja cha maji kwenye chungu cha nje, na yale maji yakikauka baada ya kama dakika 20, swichi inakata. Majiko ya leo yana chungu kimoja, kwa hiyo maji yale yale unayomimina juu ya mchele yanafanya kazi mbili. Sehemu moja inaingia kwenye punje. Sehemu nyingine inaondoka na mvuke, na hiyo ndiyo inayoamua wali utakaa motoni muda gani.

Shika hizo kazi mbili, maana karibu kila dalili hapa chini inatokana na mojawapo.

Kwanza kagua kikombe

Kabla ya kubadilisha chochote, tazama unapima na nini. Kikombe cha plastiki kinachokuja na jiko hubeba mililita 180, kipimo cha mchele cha Wajapani. Kikombe cha chai cha nyumbani hubeba karibu 250. Namba zilizochorwa ndani ya bakuli zinafuata kile cha 180, na kwa kawaida zimechorwa kwa ajili ya mchele mweupe.

Kile cha plastiki ndicho cha kwanza kupotea nyumbani. Watoto wanachezea, au kinaishia kwenye ndoo ya unga. Mtu anapima mchele vikombe vitatu vya chai, ambavyo ni mililita 750, yaani zaidi ya vikombe vinne vya jiko, kisha anajaza maji hadi mstari wa 3. Wali unatoka mgumu na jiko linazima mapema. Mwingine anapima mchele kwa kikombe cha jiko halafu maji kwa kikombe cha chai. Huyo anapata bokoboko kila siku.

Kama chako kimepotea, chukua chupa ya maji ya nusu lita. Vikombe vitatu vya jiko ni mililita 540, yaani chupa hiyo na vijiko vitatu vikubwa hivi juu yake. Au shika kikombe kimoja chochote ukipimie mchele na maji pia, na uisahau mistari ya bakuli kabisa. Kuanzia hapa nikisema kikombe, nina maana kile cha mililita 180.

Dalili: ukipika kidogo wali ni mzuri, ukipika mwingi unakuwa bokoboko

Hii ndiyo dalili inayosumbua zaidi, kwa sababu mtu hajabadilisha uwiano wake. Jirani yangu wa Isevya hupikia watu watatu basmati vikombe viwili kwa maji vikombe vitatu, na wali wake huchambuka. Siku ya hitima akapika vikombe vinane kwenye jiko lake la lita 1.8. Akapiga hesabu ya moja kwa moja na nusu, akatia maji vikombe kumi na viwili. Jiko likafurika, likachukua muda mrefu kuzima, na wali ukatoka umeshikana kama ugali mlaini.

Tuufuate mchele wake. Mchele mweupe, uwe basmati au mfupi, hunywa maji yanayokaribiana na ujazo wake: kikombe kwa kikombe, pengine na kidogo juu. Kwenye vikombe viwili vyake, maji vikombe viwili viliingia kwenye punje na kimoja kikaondoka na mvuke. Hicho cha tatu ndicho watu wanachokosea hesabu yake. Mvuke unategemea upana wa bakuli, mfuniko unavyobana, na dakika ambazo maji yamechemka. Hautegemei sana kiasi cha mchele kilichomo. Bakuli ni lile lile na mfuniko ni ule ule, kwa hiyo kwa vikombe vinane vya mchele bado mvuke utachukua karibu kikombe kimoja, tuseme kimoja na nusu kwa kuwa mzigo mkubwa huchelewa kidogo.

Hesabu yake ilipaswa kuwa nane za kunywewa, jumlisha moja na nusu ya mvuke, yaani tisa na nusu. Alitia kumi na mbili. Vikombe viwili na nusu vilivyozidi ni karibu nusu lita. Maji hayo hayakubaki juu yakielea. Jiko haliwezi kuzima yakiwa yamo, basi likaendelea kuchemsha na mchele ukaendelea kuyanywa mpaka punje zikapasuka.

Ndiyo maana siupendi uwiano unaoandikwa kwenye mifuko, moja kwa moja na nusu au moja kwa mbili. Unakuwa sahihi kwa kiasi kimoja tu cha mchele, na mfuko haukwambii ni kiasi kipi. Pima mvuke wa jiko lako mwenyewe. Kama una mizani ya jikoni, au duka la jirani linakuruhusu kutumia yao, pima bakuli likiwa na mchele na maji kabla ya kupika, halafu lipime tena wali ukiiva. Kilichopungua kwa gramu ndiyo mililita zilizoondoka na mvuke, na ikitoka 170 au 180, mvuke wako ni kikombe kimoja. Bila mizani, pika vikombe viwili mara kadhaa ukipunguza au kuongeza maji mpaka wali ukupendeze. Kinachozidi vikombe viwili ndicho cha mvuke. Namba hiyo iandike ubandike ubavuni mwa jiko. Siku ya wageni, hesabu ni mchele kikombe kwa maji kikombe, kisha unaongeza namba yako mara moja tu.

Dalili: vipimo ni sahihi, ila mchele mfupi unakuwa uji na basmati unakuwa mgumu

Hapa tofauti imo ndani ya punje. Wanga wa mchele uko wa aina mbili. Amilosi ni nyuzi zilizonyooka, na amilopektini ni nyuzi zenye matawi mengi. Mchele mfupi wa mviringo una amilosi kidogo na amilopektini nyingi, kwa hiyo unalainika kwenye joto la chini zaidi, unaachia wanga nje ya punje na kushikana. Basmati una amilosi zaidi. Punje zake hurefuka badala ya kunenepa, hubaki kila moja peke yake, na zinataka joto la juu zaidi kabla ya kulainika.

Sasa rudi kwenye maji. Mchele mfupi unaiva mapema, kwa hiyo hauhitaji kukaa motoni muda mrefu. Kwa vikombe viwili nampa mtu aanze na maji viwili na nusu. Ukimpa vitatu kama basmati, ile nusu ya ziada inaongeza dakika ambazo punje hazikuzihitaji, na zinayeyuka kingo. Basmati vikombe viwili anza na vitatu. Ukitia viwili na nusu jiko litazima wakati katikati ya punje bado pamekaza. Kwa kiasi kikubwa tofauti hiyo ya nusu kikombe inabaki pale pale, nusu kikombe tu, maana inahusu muda.

Mchele wetu unaouzwa hapa kwa jina la Supa unakaa katikati ya hao wawili, karibu zaidi na basmati. Ila una jambo moja ambalo basmati wa dukani hana, nao ni umri. Basmati mzuri huhifadhiwa mwaka au zaidi kabla ya kuuzwa, umekauka, na unakunywa maji kwa uhakika. Supa uliovunwa juzi bado una unyevu. Mavuno yanapoingia sokoni, kuanzia Mei hivi, mchele ule ule kwa vipimo vile vile utaanza kutoka mlaini, na muuza mchele mwaminifu atakuambia mwenyewe kwamba ni mpya. Punguza robo kikombe kwa kila vikombe viwili, uangalie. Na kama mchele una chenga nyingi, zipepete kwanza au kubali wali wa kushikana, kwa sababu punje zilizovunjika zinaachia wanga kwa wingi na hakuna kipimo cha maji kitakachozizuia.

Kuosha na kuloweka nako kunaingia kwenye hesabu. Mchele ulioosha ukachuja bado umebeba maji kwenye punje, na ulioloweka nusu saa umeshakunywa sehemu ya maji yake kabla hujawasha jiko. Njia rahisi ni kupima mchele ukiwa mkavu, kuuosha, kuuchuja vizuri kwa chujio, kisha kuupimia maji yake ukitoa vijiko viwili vikubwa kwa kila kikombe cha mchele uliolowekwa. Ukilowekea ndani ya maji yale yale utakayopikia, hutoi chochote.

Dalili: mchele wa kahawia una kiini, ingawa jiko limezima lenyewe

Mpunga ukipita mashineni kwanza hutoka makapi. Ukiishia hapo ndiyo mchele wa kahawia, ambao bado umevaa pumba laini na kiini cha mbegu. Pumba hizo zina mafuta na nyuzi, na maji yanapenya taratibu. Mchele mweupe hutaka kama dakika 15 hadi 20 za mchemko. Wa kahawia hutaka 40 hadi 50.

Jiko halijui kwamba leo umebadilisha mchele. Ukilitilia vikombe viwili vya kahawia kwa maji vitatu, maji yataisha kwa muda ule ule wa mchele mweupe na swichi itaruka. Punje kwa nje zitakuwa zimelainika, kwa ndani bado. Watu husema mchele wa kahawia unakunywa maji mengi. Kunywa kwake kunamzidi mweupe kidogo tu. Maji mengi unayoongeza yananunua dakika: yanachemka na kuondoka na mvuke huku mengine yakipenya pumba pole pole.

Kwa vikombe viwili anza na maji vinne. Viwili na kidogo vinaingia kwenye punje, vilivyobaki ni mvuke wa muda mrefu. Kwa vikombe vinne usitie vinane. Anza na sita na nusu, kwa sababu ile sehemu ya mvuke haizidishwi, kama ilivyokuwa kwa basmati wa hitima. Ukitia vinane utapata tabaka la chini lililopasuka na jiko litachafua meza.

Kufurika kwenyewe kuna sababu yake. Mchemko mrefu unatoa wanga na povu linapanda hadi kwenye tundu la mvuke. Usipike wa kahawia zaidi ya nusu ya uwezo wa jiko, na tia kijiko cha chai cha mafuta. Ya mawese yanafaa pia kama unapenda rangi yake, na ndugu zetu wa Kigoma hawahitaji kuambiwa hilo.

Hapa mwinuko nao una neno. Tabora mjini tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Kigoma, kando ya ziwa, ni kama 97. Kwa mchele mweupe hutaona tofauti kubwa. Kwa wa kahawia, nyuzi hizo chache zinarefusha muda, na maelekezo ya mfuko yaliyoandikwa kwa watu wa pwani yatakuachia kiini. Tiba ninayoipendelea ni kuuloweka usiku kucha, au tangu asubuhi kama unapika jioni. Maji yakishapenya pumba kabla ya moto, vikombe viwili vinaiva kwa maji matatu tu, na jiko halifuriki.

Kama jiko limeshazima na kiini kipo, usichochee. Nyunyizia maji ya moto robo hadi nusu kikombe, funika, subiri dakika kumi sumaku ipoe kisha bonyeza tena. Ukibonyeza mara moja swichi itarudi juu kwa sababu kitufe cha chini bado kina joto, na watu wengi hudhani jiko limeharibika. Kulikandamizia kijiko ili lisiruke ni kuliunguza.

Dalili: chini umeungua, juu mgumu, na jiko limezima mapema mno

Hii ndiyo dalili pekee ambayo mara nyingi haihusu kiasi cha maji. Toa bakuli, angalia sahani na kile kitufe cha katikati. Punje moja ya mchele iliyonasa chini ya bakuli inatosha kulinyanyua, na kitufe kikasoma joto la sahani badala ya la bakuli. Bakuli lililodondoka likabonyea chini linafanya vivyo hivyo. Futa kwa kitambaa kikavu, livae bakuli, lizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka likae.

Kama hapo ni pasafi, uliza umepikia nini. Tui zito la nazi huacha mashapo yanayotulia chini, yanaungua, joto linapanda na sumaku inaachia huku juu kuna maji. Sukari na nyanya hufanya hivyo pia. Pika kwa tui jepesi, koroga mara moja kabla ya kufunika, na lile zito limimine juu jiko likishahamia `WARM`, kisha uliache dakika kumi na tano limefunikwa. Dakika hizo hazirukwi hata kwa wali mtupu: mvuke uliobaki chini unapanda, na punje za juu zilizoonekana kavu zinamalizikia hapo.

Umeme mdogo wa jioni unaleta kinyume chake. Nguvu ya jiko inashuka haraka kuliko volti zenyewe: volti 180 badala ya 230 zinaliachia jiko karibu asilimia 60 tu ya moto wake. Mchele unakaa kwenye maji ya vuguvugu muda mrefu kabla ya kuchemka, unalewa, na mchele mfupi ndio unaoumia zaidi. Taa za nyumba zikififia, chemsha maji kwanza kwenye mkaa au gesi, kisha uyamimine kwenye bakuli yakiwa ya moto, kwa kipimo kile kile.